Vikapu vya Murungu na Fomu ya Forodha

Mtu akinipa fomu ya kujaza, hata leo, mabega yananishuka kabla sijashika kalamu. Watoto wangu wananicheka. Wanasema mama, wewe ulikuwa katibu miaka yote ile, fomu inakutishaje? Nawaacha wacheke. Ukatibu wenyewe ndio ulionichosha, na fomu moja hasa, ambayo niliijaza kwa mkono wangu kwenye kaunta ya posta ya Kibondo, nikaisaini vizuri kabisa, na sijawahi kuisahau.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kikundi chetu cha akina mama pale parokiani kilikuwa kinasuka vikapu, na mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu moja tu, kwamba nilifika kidato cha nne na niliweza kuandika barua ya Kiingereza bila kumwomba padri. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wakiwa na mimi mgongoni, wakaninyima mambo mengi ili nisome, kwa hiyo kila penye karatasi nilisukumwa mbele. Msiba ukitokea, niandike orodha mimi. Mtoto wa mtu akikosa cheti cha kuzaliwa, niende wilayani mimi. Nilikuwa nimechoka tangu nikiwa na miaka ishirini, na nasema hivyo bila aibu.

Mteja wetu alikuwa mama mmoja wa Kizungu, muuguzi, aliyekuja kufanya kazi kwa wakimbizi wakati ule nchi ya jirani ilipofurika kwetu. Aliona vikapu vyetu sokoni, vile vya mfuniko uliochongoka, akanunua viwili. Aliporudi kwao Ulaya akafungua kaduka kadogo, akatuandikia barua kuomba vikapu kumi na viwili kwa kuanzia. Akasema vikifika salama atatuma malipo benki, kwenye akaunti ya parokia. Kinamama walishangilia mpaka nikawaonea huruma. Mimi nilikuwa nafikiria: kifurushi kutoka Kibondo mpaka Ulaya, nani anajua kinapitia wapi?

Kifurushi cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Kwenye fomu ya forodha, ambayo ni karatasi yenye maandishi ya Kiingereza na Kifaransa na visanduku vya kuweka alama, kuna mahali unachagua: zawadi, sampuli, au bidhaa. Nikaona neno zawadi, nikasema haya, zawadi haitozwi ushuru, tumsaidie mama wa watu. Nikaweka alama. Halafu, kwa akili zangu hizo hizo, nikatia ndani ya boksi ankara ya kikundi yenye bei ya kila kikapu na jumla chini. Nilitaka mambo yaonekane ya kiofisi.

Forodha ya kule wakafungua, wakakuta zawadi yenye ankara. Wakamwita mteja athibitishe amenunua kwa kiasi gani. Yote hayo aliyaeleza kwenye barua yake, barua ya upole ambayo ilinichoma kuliko kama angenitukana. Postamani alisimama mlangoni na boksi mkononi akakataa kuliachia mpaka alipwe: ushuru, kodi ya nchi yao, na ada ya posta kwa kazi ya kukipeleka kifurushi forodha. Wakati huo yeye alikuwa ameshawatajia wateja wake bei, na wengine walikuwa wameshalipa. Hakuweza kuwarudia kuwaomba waongeze. Faida yake yote ikaishia pale mlangoni.

Lakini alituagizia tena, kumi na viwili vingine. Safari hii akaniandikia maelekezo kama mwalimu. Niandike bidhaa, kwa sababu ni bidhaa. Thamani iwe ile ile ya kwenye ankara, senti kwa senti. Ankara nakala tatu, moja ndani, mbili nje kwenye bahasha iliyobandikwa juu ya boksi. Na akatuma fomu nyingine ndogo, ya kutamka asili ya bidhaa, akisema bidhaa za nchi kama yetu zikiwa na hati hiyo zinasamehewa ushuru kwao, na kwa vifurushi vidogo vya posta muuzaji anaruhusiwa kuijaza na kuisaini mwenyewe. Inabaki kodi ya kwao na ada ya posta tu, na hizo ameshazihesabu ndani ya bei ya duka ili mnunuzi wake asishtushwe na kitu. Alimaliza kwa kusema anataka vikapu vizuri kuliko vya kwanza, kwa sababu mtu mmoja mwenye duka kubwa anakuja kuviangalia.

Vikapu vizuri kuliko vya kwanza maana yake ilikuwa bibi wa Murungu.

Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini alitoka kilima kimoja na mama yangu kule Burundi, kwa hiyo nilimwita bibi na yeye akaniita mwanangu, na hapakuwa na mjadala. Aliishi kijijini Murungu peke yake na mbuzi wawili. Kikapu chake ukikishika ulikuwa huoni nyuzi zilipoungana. Rangi nyeusi alichemsha mwenyewe, akaipitisha kwenye ukindu kwa mistari inayopanda kama ngazi mpaka kwenye ncha ya mfuniko. Kinamama wa kikundi, ambao hawakosi neno juu ya kazi ya mtu, kwa bibi walinyamaza.

Ila macho yalikuwa yanakwenda. Mtoto wa jicho, yote mawili. Aliniambia asubuhi anaona kama moshi umeingia ndani, na mchana moshi hautoki. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja mara moja kwa mwaka kwenye hospitali ya misheni, wakati wa kiangazi, wanapasua kwa wiki mbili wanaondoka. Ilitakiwa mchango wa upasuaji, nauli, chakula cha wiki nzima yeye na mtu wa kumshika mkono. Malipo ya vikapu kumi na viwili yangetosha hayo yote. Nilimpigia hesabu mbele yake, akaisikiliza, akasema atasuka.

Alisuka kwa miezi minne. Nilipopita kumwona alikuwa amekaa mlangoni, kikapu amekiinua karibu na pua, vidole vinafanya kazi ambayo macho hayakuiona tena. Siku moja aliniambia hivi ndivyo vya mwisho. Si kwamba alikuwa analalamika. Alisema akipona ataona kama vidole bado vinakumbuka, asipopona basi amemaliza, na hivi kumi na viwili vitakuwa vimekwenda mahali ambapo watu watavitazama.

Nilivichukua baada ya sikukuu ya Mwaka Mpya, mvua ikinyesha. Alikuwa ameshavipanga kwenye kanga mbili, mifuniko imeshonewa kwa uzi mwembamba mweusi, fundo dogo upande mmoja, safi kabisa. Nikamuuliza uzi wa nini. Akasema ili mifuniko isianguke njiani. Nikaona ni akili. Nilimshukuru, nikabeba, nikapata lifti ya lori la magunia, nikafika Kibondo nguo zimeniganda mwilini.

Siku ya posta ilikuwa Alhamisi. Gari la barua lilikuwa linaondoka kwenda Kasulu saa sita, na kutoka Kasulu mzigo unashuka Kigoma, unapanda treni, unakwenda Dar es Salaam, ndipo uitafute Ulaya kwa meli. Ukiikosa Alhamisi, umeikosa wiki, na mimi nilikuwa nahesabu wiki kurudi nyuma kutoka kiangazi cha madaktari. Nilifika kaunta saa nne, boksi wazi, kwa sababu kifurushi cha nje lazima karani akione ndani kabla hakijafungwa.

Karani wa posta wa miaka ile alikuwa mtu wa polepole na wa haki, mchanganyiko unaotesa. Alisoma kila mstari wa fomu yangu kwa kidole. Aina ya bidhaa: vikapu vya kusuka kwa mkono, vya ukindu na nyasi. Idadi kumi na viwili. Thamani. Nchi ya asili Tanzania. Akalinganisha na ankara, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikajisikia mtu wa maana. Akavitoa vikapu kimoja kimoja, akavigeuza. Halafu akagusa uzi.

Akauliza, "Hivi vimefungwa. Ndani kuna nini?"

Nikamjibu, "Hamna kitu. Ni vikapu vitupu, uzi ni wa kushika mfuniko."

Akasema kama ni hivyo angependa kukata mmoja aone. Nikamwambia akate basi, na huyo bibi aliyeshona hana macho ya kushona tena, yeye karani ndiye atakayetafuta fundi mwingine. Nilisema kwa ukali. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, miguu imelowa, nyuma yangu foleni inaguna. Karani akanitazama, akatazama saa ya ukutani, akavirudisha vikapu kwenye boksi. Alikuwa ametaka kufanya kazi yake, mimi ndiye niliyemzuia.

Tukapima. Nilikuwa nimekisia nyumbani kwa kufuata uzito wa kifurushi cha kwanza, nikaandika kilo tatu na nusu. Mizani ikasema nne na nusu na kidogo juu. Karani akasema vimezidi kilo nzima. Nikamwambia ni mvua, ukindu umekunywa maji. Ukindu gani unakunywa maji kilo nzima? Nilijiuliza swali hilo hapo hapo, nakumbuka kabisa, na nikalipuuza. Nikafuta tatu na nusu, nikaandika uzito wa mizani, nikaongeza fedha ya stempu kutoka mkobani kwangu, moyo unaniuma kwa ile nyongeza tu.

Kikabaki kisanduku kimoja, kwenye hati ya kusafirishia. Kifurushi kikishindwa kufika, mtumaji anataka kifanywe nini? Kirudishwe kwake, au kihesabiwe kimetelekezwa? Nilikuwa nimemwona katekista wetu akirudishiwa kifurushi chake kutoka nje mwaka uliotangulia. Alidaiwa nauli yote ya kurudi ndipo akabidhiwe, na ndani mlikuwa na vitabu vilivyooza. Alizunguka wiki mbili kutafuta fedha ya kukomboa uozo. Nikasema sisi hapana. Cha kwanza si kilifika? Na hiki kitafika. Nikaweka alama kwenye kutelekezwa.

Nikasaini chini ya maneno yanayosema ninathibitisha kwamba niliyoyaandika ni kweli na kwamba ndani hamna kitu kilichokatazwa. Muhuri ukagongwa. Gari likaondoka nacho. Nilikwenda kununua chai na maandazi mawili nikala peke yangu, nimefurahi kama mtu aliyetua kuni.

Mwezi wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Kila niliposhuka Murungu bibi hakuniuliza juu ya fedha. Aliuliza tu kimefika wapi. Nikawa namtungia. Nilisema kipo Dar, nilisema kipo baharini. Alikuwa anatikisa kichwa, akitazama upande ambao sipo. Wakati ule alikuwa hawezi tena kuchambua mchele, mtoto wa jirani alikuwa anamchambulia.

Barua ilifika mwezi wa tano. Nilijua ni mbaya kwa unene wake, kwa sababu ndani mlikuwa na karatasi nyingine imekunjwa, ya serikali ya huko, lugha ya huko, na mteja wetu alikuwa ametafsiri pembeni kwa kalamu.

Forodha walikuwa wamefungua. Safari hii karatasi zetu hazikuwa na kosa, alisema, hati ya asili ilikubaliwa, ushuru ulisamehewa. Lakini uzito haukulingana na vikapu vya aina ile, wakakata uzi. Ndani ya kila kikapu wakakuta kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, kimefungwa vizuri, na ndani ya jani konzi ya ulezi.

Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta. Nikakaa chini kwenye ngazi.

Uburo. Ndivyo tunavyouita nyumbani. Na hapo hapo nikajua, bila kumuuliza mtu, kwa sababu na mimi nimelelewa hivyo. Kwetu kikapu hakiendi kwa mtu kitupu. Ukimpelekea mtu kikapu hakina kitu ndani, umemwambia nyumba yake ikauke. Hata jirani akikuazima ungo, unaurudisha na konzi ya maharage. Mama yangu asingeweza kulala na kikapu cha mtu kitupu ndani ya nyumba. Mimi, mtoto wa mama yule yule, nilisimama mbele ya karani nikasema ni vikapu vitupu, na haikunipitia akilini kwamba hakuna mwanamke wa kilima chetu angenikabidhi vikapu vitupu. Nilikuwa nimejaa fomu kichwani mpaka nikasahau tunakotoka.

Iliyobaki ilikuwa ya kiofisi. Mbegu haziingii bila cheti cha afya ya mimea kutoka kwa wataalamu wa kilimo wa nchi zinakotoka, na hazikuwa zimetamkwa kwenye fomu. Kwenye majani ya mgomba wakakuta wadudu wadogo, wazima. Mkaguzi wa mimea akasema boksi zima lirudishwe lilikotoka au lichomwe. Wakatazama hati yangu kuona mtumaji anataka nini. Mtumaji alikuwa ameshasema.

Wakavichoma. Mteja wetu aliarifiwa baada ya kazi kwisha, na bado akaletewa bili ya ukaguzi mlangoni, akailipa. Aliandika kwamba hawezi kutulipa vikapu ambavyo hakuvipokea, na kwamba anasikitika, na kwamba yule mtu wa duka kubwa alikuja akakuta rafu tupu. Aliandika pia kwamba angekuwa ameulizwa angelipa mwenyewe nauli ya kuvirudisha. Mstari huo niliusoma mara nyingi.

Kwa wiki mbili sikwenda Murungu. Nilijitengenezea sababu. Nilipanga kumwambia kwamba mteja alikataa kulipa kodi mlangoni, kwamba Wazungu ndivyo walivyo, mambo yaishe, na yeye asijue kwamba ulezi wake ndio uliochoma vikapu vyake. Nilijisifu hata kwa huruma hiyo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nataka asijue kisanduku changu. Nilipoliona hilo nilijikasirikia, nikachukua baiskeli ya mume wangu nikaenda.

Nikamkuta amekaa mlangoni, mikono haina kitu. Tukasalimiana, mwakeye, mwakeye, habari za watoto, mpaka zikaisha. Nikamwambia yote. Nilianza na mbegu, kwa uoga, halafu nikamwambia karani alitaka kukata uzi nikamkatalia. Halafu nikamwambia mizani. Mwisho kisanduku. Nilimweleza kisanduku ni nini, kwamba kulikuwa na viwili, na kingine kingevirudisha kwake.

Mbuzi alikuja akamnusa goti, bibi akamsukuma kwa upole.

"Kwa hiyo vilifika Ulaya," akasema, "na havikufika kwa mtu."

Nikasema ndiyo, bibi.

"Wewe ungempelekea mtu kikapu kitupu?"

Nikasema hapana.

Hakuniambia nimekusamehe, na hakunilaumu. Aliniuliza kama nimekula, akaniambia viazi viko jikoni nijipakulie kwa sababu yeye anaunguza mikono siku hizi. Nilikula vile viazi machozi yananitoka, na faida ya macho yake ni kwamba hakuona. Madaktari walikuja mwezi uliofuata wakaondoka. Kikundi tulichanga, tukapata nauli ya kwenda tu.

Nikaendelea na ukatibu kwa sababu hakuna aliyetaka kunipokea. Nilikuwa mkali kupita kiasi. Kila kikapu kilicholetwa nilikipindua juu chini mbele ya mwenyewe, nikapiga kitako chake, na kinamama wakawa wananitazama kana kwamba nimewavua nguo. Mmoja aliniambia nimekuwa polisi. Karani wa posta nilimwomba radhi. Alisema tu kwamba siku hizi anakata uzi bila kuuliza, na akagonga muhuri wake.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mtoto wa jirani yake bibi alikuja kwangu na mzigo umefungwa kwenye kitenge. Ndani kulikuwa na kikapu. Nilikitambua kwa mistari, lakini mistari ilikuwa imepotea njia. Ngazi zilianza vizuri chini, zikapinda katikati, na mfuniko ulikuwa umekaa upande. Alikuwa amekisuka kwa kupapasa. Hakukuwa na uzi. Nikafungua mfuniko nikatazama ndani, nikaingiza mkono mpaka chini, nikaupitisha pembeni. Hamkuwa na kitu. Hata punje.

Alikuwa ametuma ujumbe kwa mdomo wa mtoto, na mtoto aliusema wote kwa mkupuo mmoja: bibi anasema hiki ni cha yule mama wa Ulaya, kwa ajili ya ile hasara, na umwambie yule wa posta atazame, bibi amefanya kama fomu inavyotaka.

Nilikipeleka Alhamisi. Karani alitazama ndani, akanitazama na mimi. Kwenye fomu niliweka alama kwenye zawadi, na safari hii ilikuwa zawadi kweli, bila ankara. Lakini hata zawadi lazima uiandikie thamani, forodha haikubali sifuri. Nilisimama na kalamu juu ya ile nafasi mpaka karani akaniambia niandike ambacho mtu angelipa sokoni. Sokoni hakuna ambaye angekinunua. Niliandika kiasi kidogo, mkono mzito. Halafu nikafika kwenye kile kisanduku, nikaweka alama kwenye kurudishwa, nikaikoleza mara mbili.

Jibu lilikuja baada ya Pasaka. Kilikuwa kimefika. Kwa kuwa ni zawadi ya thamani ndogo postamani hakudai chochote mlangoni, alikabidhi akaondoka. Mama yule aliandika kwamba amekiweka nyumbani, si dukani, na ndani ya barua alikuwa ametia noti mbili kwa ajili ya bibi, jambo ambalo haliruhusiwi kwenye barua ya kawaida lakini zilifika. Hazikutosha madaktari. Zilitosha kuanzia.

Nikashuka Murungu kumsomea. Nilimsomea taratibu, nikimtafsiria, yeye ameinamisha kichwa upande wangu. Nikamwambia kilifika. Nikamwambia hakikutozwa kitu. Nikamwambia amekiweka nyumbani kwake na anashukuru sana. Nilipomaliza alisubiri, kama vile kuna ukurasa mwingine.

Akauliza, "Hajasema kwamba kilikuwa kitupu?"

Nikatazama barua, kama vile sikuijua. Nikamwambia hapana, bibi, hajasema.

Akashusha pumzi, na mabega yake yakalegea kwa mara ya kwanza tangu nilipomletea habari ya moto.

"Mtu mwema yule," akasema. "Amenisitiri."